Akaunti ya kubeti imefungwa baada ya kusafiri au kubadili simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimetua nje ya nchi, nafungua apu naambiwa siwezi kubeti. Ndo akaunti imefungwa?

Soma kwanza huo ujumbe vizuri kabla hujagusa kitu, maana kuna kufuli mbili tofauti na watu wanazichanganya kila siku, alafu wanaharibu zaidi.

Ya kwanza ni kufuli ya eneo. Hapo unaingia na paswedi yako kama kawaida, salio unaliona, mikeka yako unaiona, ila ukibonyeza kuweka beti inagoma na kukwambia huduma haipatikani hapo ulipo. Akaunti ni nzima, haina kosa lolote, na ukirudi kwenye eneo linaloruhusiwa itafanya kazi bila kumpigia mtu simu. Kuna kampuni nyingine ukurasa wenyewe haufunguki kabisa ukiwa nje, unakutana na tangazo tu, nayo ni kufuli hiyohiyo.

Ya pili ni kufuli ya usalama. Hii inakuzuia kuingia, au inakuruhusu uingie ila inataka uthibitishe wewe ni nani, na mara nyingi kutoa hela kunakuwa kumesimamishwa. Hii haijifungui yenyewe hata ukirudi nyumbani, lazima uithibitishe.

Shida inakuja pale mtu mwenye ile ya kwanza anapoanza kuhangaika, anafuta apu, anaiweka upya, anajaribu paswedi mara nyingi, anawasha VPN, na ndani ya nusu saa keshajitengenezea ya pili kwa mikono yake.

Kwani kampuni inajali nini niko wapi, si hela zangu?

Inajali kwa sababu leseni yake ina mipaka. Kampuni ya kubeti inapewa kibali cha kupokea beti za watu walioko ndani ya eneo fulani, na kinachohesabika ni mahali ulipo wakati unabonyeza, sio uraia wako wala mahali ulipofungulia akaunti. Mfano mzuri ni Marekani. Kuna sheria ya mwaka 1961 inayozuia biashara ya kubeti kupitisha beti kwa mawasiliano kuvuka mpaka wa jimbo, na baada ya mahakama yao ya juu kabisa kutoa uamuzi mwaka 2018 kila jimbo likawa linaamua lenyewe kuhusu kubeti michezo, kwa hiyo mtu akivuka daraja tu kwenda jimbo la pili apu inaweza kukataa hapohapo. Wao wanachunguza eneo hadi kwenye mita. Kwingine wanaangalia nchi tu, ila sababu ni ileile.

Natumia laini ya nyumbani kwa roming, sasa wanajuaje nimesafiri?

Hapa ndo penye utamu wenyewe, na ukipaelewa hapa mengine yote yanakuwa mepesi.

Mfumo hauangalii kitu kimoja. Unaangalia anwani ya IP, yaani namba ambayo mtandao unaitumia kukufikia. Kama umeipa apu ruhusa unaangalia GPS. Unaweza kuangalia waifai zilizo karibu na wewe, hata zile ambazo hujaunganisha, kwa sababu kuna hazina kubwa za data zinazojua waifai fulani ipo mtaa gani. Kwenye Android unaweza kuona na laini yako ni ya nchi ipi na mtandao uliokushika sasa hivi ni wa nchi ipi, kwa sababu kila mtandao wa simu una namba ya nchi yenye tarakimu tatu, mfano 208 ni Ufaransa na 655 ni Afrika Kusini. Alafu kuna majira ya saa ya simu. Baada ya hapo mfumo unalinganisha: je hivi vyote vinasimulia hadithi moja?

Sasa roming inachofanya ni hiki. Ukiwa nje na laini ya nyumbani, mara nyingi data yako haitokei pale ulipo. Inasafirishwa kwanza mpaka kwa mtandao wako wa nyumbani, ndo inaingia intaneti kutokea huko. Kwa hiyo IP yako inasema uko nyumbani. GPS inasema uko nje. Mtandao uliokushika unasema uko nje. Hujadanganya popote, ila kwa mfumo unafanana kabisa na mtu anayeficha alipo.

Ukitoka kwenye roming ukaingia waifai ya hoteli, IP inaruka ghafla na kuwa ya nchi uliyopo. Ukitoka nje kwenda kununua maji waifai inakatika, roming inarudi, IP inaruka tena nyumbani. Na zile eSIM za wasafiri ndo zaidi, maana nyingi data yake inatokea nchi ya tatu ambayo wewe hata hujawahi kukanyaga, kwa hiyo unakuwa na nchi tatu kwa wakati mmoja, ya laini, ya IP na ya GPS. Waifai ya kwenye ndege na melini vilevile, inapitia setilaiti na IP inaweza kuonekana popote.

Nipe mfano, mtu anafungiwaje hatua kwa hatua?

Tuseme kuna jamaa kanunua simu mpya siku moja kabla ya safari. Kahamisha vitu vyake vyote kutoka simu ya zamani kwa ile njia ya simu kwa simu, apu ya kubeti nayo ikaja. Ila ule ufunguo unaoitambulisha simu kwa kampuni haukuja, kwa sababu funguo nyingi za aina hiyo zimetengenezwa zisitoke kwenye simu zilipozaliwa. Yeye hajui, hakuifungua apu usiku ule, kalala.

Kesho yake kafika hotelini ugenini. Saa 2:10 usiku anafungua apu kwa waifai ya hoteli. Mfumo unaona simu mpya ambayo haijawahi kuonekana, IP ya nchi mpya, majira mapya. Unaomba OTP. Laini yake ya nyumbani kaitoa kaweka ya huko, OTP haiji. Anabonyeza tuma tena, tuma tena, tuma tena. Anarudisha laini ya nyumbani, zinaingia namba nne kwa mkupuo, anaandika ya kwanza aliyoiona, ambayo tayari imekufa kwa sababu kila namba mpya inaua ya nyuma yake. Anakosea mara ya pili. Mara ya tatu anapatia, anaingia.

Saa 2:25 waifai inakatika, simu inahamia roming. IP sasa inasema yuko nyumbani, umbali wa kilomita 2,400. Kilomita 2,400 kwa dakika 15 ni mwendo wa kilomita 9,600 kwa saa, wakati ndege ya abiria inakwenda kama 900 hivi. Mfumo una kanuni ya safari isiyowezekana, unapiga hesabu hiyohiyo na unaona hapa kuna watu wawili kwenye akaunti moja, mmoja kule mmoja huku, na yule wa ugenini ndo mwenye simu ngeni na OTP alizokosea. Kama wewe ndo ungekuwa mlinzi ungefanya nini? Unafunga.

Ukiangalia hapo hakuna kosa hata moja kubwa. Simu mpya peke yake ingeombwa OTP basi. Safari peke yake ingeleta kufuli ya eneo basi. Vimekuja pamoja usiku mmoja, vikakutana na OTP zilizokosewa, ndo imekuwa kesi. Na mimi hapa siwezi kuulaumu mfumo sana, kwa sababu mwizi aliyeiba paswedi yako angeonekana hivyohivyo.

Si niwashe tu VPN ya nyumbani, yaishe?

Usifanye hivyo. VPN inabadilisha IP peke yake. GPS haibadilishi, mtandao uliokushika haiubadilishi, waifai za jirani haizibadilishi. Kwa hiyo hujafuta ushahidi, umeongeza mgongano. Isitoshe VPN nyingi zinatokea kwenye seva za kukodi, na anwani za seva za kukodi zinajulikana, zipo kwenye orodha, mtu wa kawaida nyumbani kwake hatoki na anwani kama hiyo.

Kubwa zaidi ni kwamba karibu kila kampuni imeandika kwenye masharti kuwa kuficha eneo ni sababu ya kufuta beti na kushikilia ushindi. Yaani ulikuwa na kizuizi cha muda, sasa umewapa sababu ya kimaandishi ya kukataa kukulipa. Na mara nyingi hilo linagunduliwa siku ya kutoa hela, maana hapo ndo wanarudi nyuma kukagua historia, sio siku ya kuweka. Watu wanabeti na VPN mwezi mzima wanaona iko poa, wakishinda vizuri ndo wanaulizwa.

Apu za kubadilisha GPS ndo mbaya kabisa. Android inaieleza apu kuwa eneo hili limetolewa na programu ya kuigiza, kwa hiyo wanaona moja kwa moja.

Situmii VPN lakini wananiambia natumia. Inakuwaje?

Inatokea sana. Angalia vitu hivi kwenye simu. Kwenye iPhone kama unalipia iCloud kuna kitu kinaitwa Private Relay, kinaficha IP yako ukiwa kwenye Safari, kwa hiyo anayebeti kupitia brauza hiyo anaonekana anajificha. Apu za kuzuia matangazo na baadhi ya antivairasi zinafungua VPN kimyakimya, utaona alama ya VPN juu ya skrini. Simu au laptopu ya ofisini mara nyingi inapitishwa kwenye mtandao wa kampuni yako ya kazi. Na kwenye Android ingia Developer options uangalie Select mock location app, kama kuna jina la apu yoyote pale litoe, hata kama uliliweka zamani kwa ajili ya mchezo mwingine kabisa.

Niko mpakani lakini sijavuka, mbona inanikataa?

Simu yako imeshika mnara wa upande wa pili, au umeipa apu eneo la kukadiria badala ya eneo halisi. Kwenye iPhone kitufe kinaitwa Precise Location, na Android kuanzia toleo la 12 inakuuliza Precise au Approximate. Ukichagua Approximate, Android inatoa eneo la upana wa kama kilomita 3 za mraba, na ukiwa karibu na mstari huo upana unagusa nchi mbili, kwa hiyo mfumo unaamua kukataa. Weka Precise, chagua mtandao wa simu kwa mkono badala ya kuacha ujichague, washa waifai hata kama hujaiunganisha, alafu toka nje ya jengo usubiri dakika moja mbili.

Sijasafiri popote, nimebadili simu tu. Wanaijuaje simu yangu?

Wengi wanadhani ni IMEI. Hapana, toka Android 10 apu za kawaida haziruhusiwi kuisoma, na iPhone haijaruhusu kwa miaka mingi. Wanachotumia ni kitambulisho ambacho mfumo wa simu unaipa apu, pamoja na mkusanyiko wa vitu vidogovidogo, aina ya simu, toleo la mfumo, ukubwa wa skrini, lugha, majira ya saa. Kwenye Android kitambulisho hicho kinabadilika ukiifuta simu yote na kuanza upya. Kwa hiyo simu ileile, mkononi kwako toka zamani, ukiirudisha kiwandani kwao ni simu mpya.

Kwenye brauza ni rahisi zaidi kukupoteza, ukifuta kuki au ukifungua dirisha la siri wewe ni mgeni. Ndo maana anayependa kubeti kwa dirisha la siri kila siku anaombwa OTP kila siku, alafu analalamika.

Simu iliyorutiwa ni kesi nyingine. Apu inaweza kuuliza huduma ya Google kama mfumo wa simu umeguswa, na jibu likiwa ndiyo nyingine zinakataa kufunguka, hata kama wewe ni yuleyule na simu ni ileile.

Nimenunua simu ya mtumba, naambiwa kifaa hiki kimezuiwa.

Aliyekuwa nayo kabla yako huenda alifungiwa, au alijifungia mwenyewe asibeti, au aliitumia kufungua akaunti nyingi za bonasi. Kufuta simu hakusaidii kila wakati. Kwa iPhone, Apple inaipa kila kampuni ya apu nafasi ya kuweka alama mbili ndogo sana kwa kila simu, yaani ndiyo au hapana mbili tu, na zinakaa kwa Apple wenyewe, kwa hiyo hata simu ikifutwa kila kitu alama ipo palepale. Wewe ukiingia tu unaonekana ndo yuleyule wa mwanzo kaja na jina jipya.

Dawa yake ni risiti. Andikia kampuni kabla hujajaribu mara nyingi, eleza kuwa simu umeinunua ikiwa imetumika, weka tarehe na picha ya risiti au mazungumzo yako na muuzaji, na waambie simu yako ya zamani ni ipi. Kama simu ya zamani bado unayo ingia nayo, ndo ushahidi mzuri kuliko yote.

OTP haiji nikiwa nje. Na zile namba za apu ya uthibitisho nazo zinakataliwa.

Kwa SMS, laini ya nyumbani lazima iwe ndani ya simu na iwe imeshika mtandao wa huko. Data ya roming unaweza kuizima, SMS inahitaji laini iwe hewani tu. Kama simu inabeba laini mbili, acha ya nyumbani kwa ajili ya SMS na ya huko iwe ya data. Omba namba mara moja, subiri dakika chache, na zikija nyingi tumia ya mwisho.

Kwa apu ya uthibitisho, ile inayotoa tarakimu sita na kubadilika kila sekunde 30, shida mara nyingi ni saa. Namba zile zinatengenezwa kwa siri iliyo ndani ya simu pamoja na muda wa dunia. Mtu akifika ugenini anasogeza saa mbele kwa mkono masaa mawili bila kubadili majira, simu inaamini muda wa dunia wenyewe umesogea masaa mawili, na namba zote zinazotoka ni za wakati ambao haujafika. Rudisha saa na majira kwenye kujiweka yenyewe, zitakubali hapohapo. Na kama umebadili simu, hakikisha siri zimehama kabla hujaifuta ile ya zamani, maana kwenye apu nyingine haziji zenyewe.

Mkeka wangu niliouweka nyumbani bado unaendelea, utaliwa?

Kwa kufuli ya eneo mkeka uliokubaliwa ukiwa ndani ya eneo unabaki halali, mechi zikiisha unahesabiwa kama kawaida. Ambacho huwezi ni kuongeza beti mpya, na sehemu nyingi hata keshauti inagoma. Kutoa hela wapo wanaoruhusu ukiwa nje na wapo wasioruhusu, hilo linaandikwa kwenye masharti yao. Kwa kufuli ya usalama mkeka nao unahesabiwa, ushindi unaingia kwenye salio, ila salio lenyewe limeshikwa mpaka uthibitishe.

Niwaandikie nini ili wafungue haraka?

Wape hadithi inayolingana na wanachokiona upande wao. Mtu wa huduma kwa wateja ana orodha ya muda, IP na vifaa mbele yake, ukimwandikia "fungueni akaunti yangu mnaniibia" hana pa kushika. Andika hivi, kwa imeli au namba uliyosajilia:

"Akaunti yangu imezuiwa jana usiku. Nilibadilisha simu tarehe 3, kutoka simu ya aina hii kwenda aina hii. Tarehe 4 nilisafiri, niko nje mpaka tarehe 12. Jana kati ya saa 2:10 na 2:30 usiku niliingia kwa waifai ya hoteli, ikakatika nikahamia roming, na OTP nilikosea mara mbili. Sijatumia VPN. Naambatanisha kitambulisho na picha yangu nikiwa nimekishika."

Ongeza tiketi ya safari au ukurasa wa pasipoti wenye muhuri kama wameomba. Picha ya kitambulisho ionyeshe kona zote nne, isiwe na mwanga unaofuta jina. Alafu tuma mara moja, ukituma tiketi tano za malalamiko wahudumu tofauti wanazifungua na kila mmoja anaanza upya. Na wakati unasubiri usiendelee kujaribu kuingia.

Nifungue akaunti ya pili nisubirie nayo?

Hapana. Simu ile, jina lile, njia ile ya malipo, itaunganishwa na ya kwanza na zote mbili zitashikwa. Kufuli iliyokuwa ya uthibitisho inageuka kuwa ya kosa.

Kuna mtu kaniandikia anaweza kuifungua kwa ada kidogo.

Huyo ni mwizi. Wanakaa kwenye maoni ya kurasa za kampuni, wanaona unalalamika, wanakufuata inboksi na nembo ya kampuni. Atakachoomba ni OTP yako au uweke apu ya kumuonyesha skrini yako. Kampuni haihitaji OTP yako, yenyewe ndo imeitengeneza.

Nilijifungia mwenyewe nisibeti, nikisafiri au nikibadili simu inafunguka?

Haifunguki, na haijafungwa na eneo wala simu, imefungwa kwa jina lako mpaka muda uliochagua uishe. Ukijikuta unatafuta njia ya kuizunguka, acha hiyo kufuli ilivyo, na wasiliana na huduma za watu wanaosumbuliwa na kubeti, namba zao huwa zipo chini kabisa ya ukurasa wa kampuni yenye leseni.

Nasafiri wiki ijayo na nataka kubadili simu. Nianze na nini?

Tenganisha hayo mawili. Badili simu kwanza, siku kadhaa kabla, ukiwa kwenye waifai yako ya kila siku, na ingia kwenye akaunti kwa simu mpya ukiwa bado na ya zamani mkononi. Maliza uthibitisho wa kitambulisho kama hujamaliza. Kama una salio unalolihitaji litoe kabla ya kuondoka. Waandikie tarehe za safari, hawatakuruhusu kubeti ukiwa nje kwa sababu hiyo, ila maelezo yanabaki kwenye faili lako na atakayelifungua atayakuta. Ukifika huko na unataka tu kuangalia mkeka, ingia kwa mtandao mmoja, waifai au roming, usiruke kati ya hizo mbili, na ukimaliza ifunge apu.